Beji ya Turbo kwenye Gari la Damu ya Mzee

Miaka ishirini Fundi Rangi alichanganya rangi za magari, mpaka kifua kikamwambia basi. Bintiye akamfundisha programu ya kutengeneza picha za matangazo, na mwenye yadi ya magari akamchukua kwa majaribio. Kazi yenyewe ilionekana ya kukaa tu kitini: unaipa programu picha ya gari, unaieleza, inakuletea tangazo.

Gari la kwanza aliloliandikia lilikuwa dogo, la milango mitano. Akaandika, "Gari zuri, rangi ya damu ya mzee." Programu ikaleta gari jekundu kama nyanya, na kando yake mzee amesimama. Mara ya pili akaandika tu kwamba lina beji ya TURBO, nayo, kwa ukarimu wake, ikalichongea tundu la hewa kwenye boneti na kulishusha paa. Wateja wawili walifika, wakatazama simu, wakatazama gari, wakageuza.

"Mzee wangu," Bosi akamwambia, "akigeuza wa tatu, na wewe unageuza naye. Nataka gari langu kama lilivyo. Usiongeze, usipunguze."

Fundi Rangi hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akalizunguka gari kama mpelelezi, kisha akaandika: umbo libaki la kwenye picha, milango mitano, paa halishuki, boneti bapa isiyo na tundu. Rangi nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia, yenye chenga za fedha, isigeuke nyekundu ya kung'aa. Beji nyuma, kulia, juu ya bampa: TURBO, herufi tano za fedha, B imeinama kidogo. Badilisha mandhari tu.

Likatoka gari lenyewe. Alitamani kulia.

Kesho yake akaja mama mmoja, mwalimu wa udereva, simu mkononi.

"Ndilo hili hili," akasema. "Ila toleo la turbo lina tundu kwenye boneti. Hili halina, na hiyo B kaibandika mtu kwa mkono."

Bosi, ambaye ndiye mtu huyo, akamvuta Fundi pembeni, akamnong'oneza, "Umeniumbua!"

"Si ulisema nisiongeze wala nisipunguze, Bosi?"

"Mimi turbo siitaki, inakunywa mafuta," mama akaendelea. "Nibandulie hiyo beji, unipe bei ya gari la kawaida, nalichukua. Yadi nyingine picha zinang'aa, ukifika unakuta kitu kingine. Ninyi angalau hamfichi. Tangazo hili kaandika nani?"

Bosi akajinyoosha, akaweka kola sawa.

"Mimi mwenyewe, mama. Hapa kwangu uaminifu kwanza."

Fundi Rangi akainama kubandua beji. Alifurahi kwamba kesho ana kazi, akajichukia kwa kufurahi.