Prokirasio ya Bibi Waridi

Miaka kumi na tisa Mama Hidaya amekagua prokirasio, hati za kumwakilisha mtu, kwenye benki huko Kasongo, na hadanganyiki hovyo. Ile aliyoleta Asani wa Wamaza ilikuwa safi: shangazi yake Waridi alimruhusu kutoa pesa tu, kwa miezi sita, muhuri wa notari upo, alama ya kidole gumba cha bibi ipo. Tarehe ni ya Jumatatu.

Hapo Mama Hidaya akakunja uso. Ijumaa iliyotangulia, yeye mwenyewe alimwosha marehemu Waridi kwa maji ya kafuri kabla ya maziko. Prokirasio hufa pamoja na aliyeitoa. Hii ilizaliwa baada yake!

Akampigia notari simu kwa hasira.

“Bibi alikuya yeye mwenyewe, mama,” notari akajibu. “Nilimushika kidole. Kililowa maji, tena kilinukia kafuri.”