Dumuzi Kwanza, Mfuko Baadaye

Binti yangu mwenye diploma alitangaza kwenye simu mifuko yangu ya kuhifadhia mahindi: "Bidhaa bora, bei nafuu." Wiki nzima hapa dukani Kikatiti hakuja mtu. Nikachoka.

"Futa," nikamwambia. "Anza na yule mama wa Oldonyo Sambu aliyefungua gunia la mahindi akakuta ungaunga na wadudu wa dumuzi wanatembea."

"Na mfuko, baba?"

"Tulia wewe. Waone dumuzi kwanza. Halafu sema msimu uliofuata alikausha mahindi vizuri, akafunga mfuko wetu hewa isipite, dumuzi wakafa humohumo."

Akaandika amenuna. Kesho yake mzee mmoja akaingia, hata shikamoo ya binti hakuitikia.

"Nipeni mfuko kama wa yule mama."

Binti akanitazama. Mimi niliyeishia darasa la nne nikamwonyesha mteja namna ya kufunga.