Kelele za Kompresa

Gari langu la abiria lilianza kupiga yowe kila nikiwasha AC. Fundi wangu wa Kasulu akasema mkanda wa kompresa umelegea, unateleza kwenye puli. Akakaza. Likanyamaza. Mwezi uliofuata likalia tena, akakaza tena, mpaka mkanda ukawa hauchezi hata ukiuminya kwa kidole gumba.

Watu wananiuliza AC ya nini na baridi yote hii ya Kibondo. Jamani! Mvua ikinyesha na abiria wakijaa, kioo cha mbele kinashika mvuke, huoni barabara. AC ndiyo inayokikausha.

Basi ikaja sauti ya pili, nzito, ya kusaga, na hiyo haikujali kama AC imewashwa au la. Mume wangu akafurahi waziwazi. "Injini imekufa hiyo," akasema. "Tuuze, upumzike nyumbani." Akamleta mnunuzi mpaka gereji ya Kasulu. Fundi akatega sikio, akatikisa kichwa: beringi za injini, mama, zimekwisha.

Nilipandwa na hasira. Mimi ndiye ninayeliendesha gari lile kila siku, ndiye niliyelinunua kwa maharage yangu, halafu wanaume watatu wanalizika mbele yangu!

"Toa mkanda wa AC," nikamwambia fundi.

"Mama, unanifundisha kazi?"

"Yewe! Nipe spana."

Nikazima gari, nikajifunga kanga kiunoni. Nikalegeza nati ya puli ya kukazia, kisha bolti yake, nikauvuta mkanda ukatoka. Mkanda ule ulikuwa unaendesha kompresa tu, gari halikuuhitaji ili liwake. Nikawasha. Kimya. Nikakanyaga mafuta, injini ikavuma vizuri, haina neno.

Nikazima tena, nikaizungusha puli ya kompresa kwa mkono. Ilikwaruza kana kwamba ina mchanga ndani, na ilicheza huku na huku.

"Beringi ni hii," nikasema. "Umekaza mkanda mpaka umeiua. Mkanda wenyewe ulikuwa umeshakuwa laini, ulitaka kubadilishwa, si kukazwa."

Fundi akaitikisa ile puli, akakubali kwa sauti ndogo. Tuweke beringi na mkanda mpya, akasema, injini haina tatizo. Mnunuzi akacheka, akaniambia hongera, akaenda zake.

Nikamgeukia mume wangu. Kusema kweli nilitegemea atanipongeza. Akawa anaangalia viatu vyake.

"Umesikia? Injini ni nzima."

"Nimesikia," akasema. "Lakini tuuze tu."

Iliniuma, sitaficha. Miezi yote ile nilidhani ni kelele za gari zinazomkera, kumbe ni mimi kushika usukani.

"Siuzi," nikamwambia. "Kesho nina abiria. Panda twende, au tafuta usafiri wako."

Akapanda. Kiti cha nyuma.