Kompyuta Iliyoingia Saa Saba Kasorobo

Nilirudi Kasulu na diploma yangu ya kompyuta, nikafungua stationery, duka la kuchapa na kutumia intaneti, kwa jasho langu mwenyewe. Asubuhi moja alikuja mshonaji Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Akaunti yake ya mtandao wa kijamii ilikuwa imeibwa, na dada yake aliyehamia ughaibuni alimpata humo tu.

"Papa, nikimupoteza huyu, sina mwingine."

"Mama, umefika kwa mwenyewe," nikamjibu.

Kwenye barua pepe yake tulikuta taarifa kwamba anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo ilibadilishwa jana saa saba mchana. Nilihakikisha mtumaji ni kampuni yenyewe, nikabonyeza palipoandikwa "Si mimi", tukarudisha anwani yake na kuweka nywila mpya. Kisha nikafungua orodha ya vifaa vilivyoingia. Kimoja kilikuwa simu yake. Kingine kilikuwa kompyuta, Kasulu, jana saa saba kasorobo.

"Papa, juzi si niliingia kwa kompyuta yako hii?"

Nikaangalia orodha ya nywila zilizohifadhiwa. Kompyuta yangu ilikuwa imehifadhi nywila yake, na mteja mwingine akaikuta.

Niliitoa kompyuta hiyo kwenye akaunti, nikafuta kila nywila iliyohifadhiwa dukani, mbele yake. Tulikuwa bado tumekaa pale dada yake, anayemwita Yaya, yaani dada mkubwa, alipojibu ujumbe wake: "Yaya, ni weye kweli?"