Kofia Iliyopimwa Juu ya Nywele

Siku niliyooa nilikuwa na hasira tangu asubuhi, na mtu wa kukasirikiwa alikuwa mimi mwenyewe.

Nilitoka kwa kinyozi Tononoka saa mbili za asubuhi nimenyolewa hadi ngozi, maana mama alinisisitiza kwenye simu kwamba bwana harusi haingii msikitini na kichaka. Nikarudi chumbani kwangu Buxton, nikaoga, nikafungua boksi la kofia ili nijipe raha ya kuivaa mara moja kabla ya wakati wake. Ikashuka. Ikapita paji la uso, ikakaa juu ya nyusi, na nilipotikisa kichwa ikazunguka kama sahani mezani.

Hapo ndipo nilipokumbuka uzi. Miezi mitano nyuma shangazi yake bibi harusi alikuja kunipima. Alizungusha uzi kichwani mwangu, juu ya masikio, akafunga fundo, akautia kwenye mkoba bila kusema neno. Siku hizo nilikuwa na nywele nene za uvivu, sijazikata tangu mfungo. Shangazi alidhani ndivyo nilivyo siku zote. Mimi nami nilikaa kimya kama mwanasesere, sikufikiria hata kidogo kwamba kinachopimwa ni nywele. Kwa uzi huo mchumba wangu alishona kofia ya kazi ya mkono, nyeupe juu ya nyeupe, tundu moja baada ya jingine, miezi minne mizima.

Lazima niseme kwa nini kofia ilinitia hofu kiasi kile. Kwetu ni Kinango. Sisi ni Waislamu, lakini kanzu kwetu ni ya Idi na ya msiba, unaivaa na ndala, basi. Nilikuwa nikifanya kazi ya ukarani mjini, na msichana niliyemposa alikuwa wa Mji wa Kale, wa nyumba ambayo watu wake wanajua kanzu ya ndoa, kanzu ya Ijumaa na kanzu ya kwenda sokoni. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hivyo walii wake, msimamizi wa kumuoza, alikuwa kaka yake mkubwa. Kaka huyo hakunikataa. Alisema tu, nami nikiwa nimekaa sebuleni kwao nyuma ya pazia, "Si mtu mbaya. Lakini kanzu kununua ni jambo moja, na kuivaa ni jambo jingine."

Mchumba wangu alikuwa akitaka jambo moja: kaka yake amuoze kwa mkono wake mwenyewe. Walii ana ruhusa ya kumfanya imamu wakili wake amuozeshee, na watu wengi hufanya hivyo bila ubaya wowote. Lakini katika nyumba ile, kaka angemuachia imamu, mji mzima ungejua maana yake. Kaka alipoulizwa akajibu kwamba ataamua siku yenyewe, akishaniona nimevaa. Basi mimi nilikuwa naenda kuonwa.

Saa nne nikashuka Mji wa Kale, kofia imo mkononi, kwa mzee niliyefanya naye kazi ofisini kabla hajastaafu. Yeye ndiye aliyekubali kunivisha. Nyumba yake iko kichochoro cha pili nyuma ya Ngome, na nilimkuta anapiga pasi yeye mwenyewe kanzu yangu niliyompelekea jana yake, hamuachii mtu.

"Sabalkheri, mzee wangu."

"Sabalkheri. Mbona uso huo? Watu huoa wakiteka, meno nje."

Nikavaa kofia. Hakucheka, na kutocheka kwake kulinitisha zaidi.

"Ivue," akasema. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye ukingo. "Hapa hapana pa kukata, baba. Kazi imezunguka kitwa kizima. Ukikata inti moja, umekata kazi ya mwezi."

"Na ikifuliwa?"

"Ifuliwe, itiwe wanga, ivishwe kwenye mkebe, ikauke jua zima. Wewe waoa leo Alasiri."

Akaingia ndani, akarudi na kofia nyingine, ya mashine, mpya, bado imo kwenye nailoni. Ilinienea sawasawa. Ilikaa wima, ukingo wake umelala sawa vidole viwili juu ya nyusi, haikuelemea mbele wala nyuma. Mzee akasimama mlangoni kunitazama.

"Hiyo ndiyo ya kutokea. Mtu hutizamwa kitwa kwanza, kisha miguu. Katikati hapana mwenye haja napo."

Kisha akanivisha, na kila kitu nilichokileta kikawa na kosa. Nilivaa kikoi cha rangi ndani. Akanivua, akanipa shuka nyeupe, kwa kuwa kanzu ya kitambaa chepesi inasema kila kilichoko chini yake. Kanzu ilikuwa nzuri, darizi yake ya shingoni imetulia, na pindo lake liligusa kifundo cha mguu bila kufunika kiatu. Koti langu lilikuwa la mtumba, jeusi, na hilo alilikubali, ila alinifungua vifungo nilivyokuwa nimefunga vyote viwili. "Koti la kanzu huachwa wazi. Ukilifunga, wakati wa kukaa chini kanzu itavimba hapa kwenye kifua kama mto." Akavuta mikono ya kanzu ikatokeza kidogo kwenye mikono ya koti, akaondoa simu yangu mfukoni kwa sababu ilivuta koti upande mmoja.

Viatu ndivyo vilivyomchosha. Nilinunua viatu vya kamba.

"Viatu vya kamba na mlango wa msikiti?" akauliza polepole. "Utainama pale mbele ya watu mia, wafungua mafundo?"

Akalegeza kamba, akazichomeka ndani ili mguu utoke wenyewe, kisha akakagua soksi zangu kama daktari, kidole kwa kidole.

Nilipokuwa tayari nilijitazama kwenye kioo chake. Kusema kweli nilipendeza. Nilifanana na watu wa mtaa ule. Mle kwenye kioo nilimwona mtu ambaye kaka yule asingekuwa na la kumwambia. Na kofia ya mchumba wangu ilikuwa kitini, imekaa kama mgeni aliyesahauliwa chai.

Nikaivua ya mashine.

"Wafanya nini?" mzee akauliza.

"Nitavaa hii."

"Itakuaibisha."

"Wacha iniaibishe. Aliyeishona akiniona kwenye picha na kofia ya dukani nitamwambia nini?"

Mzee alikasirika, naona, kwa sababu alikuwa ameshamaliza kazi yake vizuri na mimi nimeiharibu. Lakini akachukua karatasi laini ya kufutia mikono, akaikunja mara nne, akaipachika ndani ya kofia upande wa kisogoni. Ikanishika. "Usiiname sana," akasema. Sote wawili tulijua kwamba kabla ya ndoa kuna swala.

Msikitini viatu vilitoka vyenyewe, alhamdulillahi. Nilipita katikati ya watu nikitembea shingo imenyooka, kichwa hakigeuki kulia wala kushoto, na nadhani kuna waliosema bwana harusi ana majivuno. Kaka wa mchumba wangu alikuwa safu ya mbele. Kanzu yake, koti lake la kijivu, kofia yake, vyote vilikuwa vimekaa kama vimezaliwa naye. Akanitazama kichwa, akanitazama miguu, akageuza uso. Nikapangwa kando yake, bega kwa bega.

Rukuu ilipita salama. Kwenye sijida ya kwanza nilihisi jasho limeilainisha karatasi. Sijida ya pili ikatoka. Ilidondoka juu ya jamvi, nyeupe, imekunjwa mara nne, kati ya mkono wangu na wake. Sikuweza kuichukua, na kofia ilikwishanifika machoni. Rakaa tatu zilizobaki niliziswali nikiona vidole vyangu tu, na Mwenyezi Mungu anisamehe, sikumbuki nilisoma nini. Nilikuwa nikifikiria kwamba amekwisha kuona. Amekwisha kuamua.

Baada ya salamu yeye ndiye aliyeiokota ile karatasi. Aliifungua, akaitazama, akaitia mfukoni mwa koti lake. Kisha akainuka, akaenda kwa imamu, akamnong'oneza. Imamu akatikisa kichwa kukubali.

Basi, nikajisemea. Amemuachia imamu. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mke wangu usiku huo, na hakuna hata moja lililofaa. Kwa kosa la nywele, kwa kukaa kimya mbele ya uzi, nilikuwa nimempotezea kitu ambacho nisingeweza kumnunulia popote.

Imamu akakaa mbele yangu, akasoma hotuba ya ndoa. Nilisikiliza nimeinua kidevu, kofia isinifunike. Alipomaliza hakunyoosha mkono. Alijisogeza kando, kumbe ndivyo alivyonong'onezwa, na kaka wa mchumba wangu akaja akakaa pale alipotoka, goti lake likagusa goti langu.

"Nipe mkono," akasema.

Nikampa wa kulia. Akaukamata, kidole gumba kwa kidole gumba. Mkono wake ulikuwa mkavu na wangu umelowa. Akaanza kunioza dada yake, kwa jina lake na jina la baba yake, kwa mahari tuliyoafikiana, na alipolitaja jina la baba yake akaubana mkono wangu zaidi. Mimi nikainamisha kichwa kwa adabu, nikasahau. Kofia ikanishuka yote, ikaziba macho yangu mawili.

Nyuma mtu alicheka, akajizuia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye mkono wa walii, hautolewi mpaka ndoa ifungike. Wa kushoto sikuthubutu kuunyanyua. Nilikuwa gizani, ndani ya kazi ya miezi minne, na mwanga ukiingia kwenye vitundu vyake.

Kisha nikahisi vidole kwenye paji la uso wangu. Aliisukuma kofia juu taratibu kwa mkono wake wa kushoto, akainyoosha, akaiweka vidole viwili juu ya nyusi, pale pale ilipokaa ile ya mzee. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na macho yake yamejaa.

"Najua alivyoshona hini," akasema kwa sauti ya chini, kwa ajili yangu peke yangu. "Ilikuwa ikimtoa damu vidoleni. Haya, sema."

Nikasema nimekubali kumuoa, kwa mahari yaliyotajwa. Imamu akaniambia nirudie kwa sauti, watu wa nyuma wasikie, nami nikarudia mara ya pili na mara ya tatu. Muda wote huo yeye alinishika mkono kwa mkono wake mmoja, na kwa mkono wa pili alinishikia kofia ya dada yake kichwani.