Dola Thelathini na Nne

Mwajiri wangu wa kwanza aliuza miraa, yale majani ya kutafuna, katika mji wa Maua kwa miaka ishirini kabla ya kujenga hoteli, na sidhani kama aliwahi kuacha kuuza miraa. Alibadilisha bidhaa tu. Alinunua shamba nje kidogo ya mji wa Meru, akajenga vyumba ishirini na vinne, akapanda maua mbele, akaweka picha yake mwenyewe mapokezi, kubwa kuliko ya rais. Sote tulimwita Mzee. Mimi alinichukua nikiwa nimetoka chuo cha hoteli, binti wa Manyatta kule Embu, akanipa meza, mashine ya taipu na cheo cha ofisa wa kupokea maombi ya vyumba. Maombi yenyewe hayakuwa mengi. Siku nyingine nilipokea simu mbili, na moja ilikuwa ya mke wake.

Kilichotuweka hai ni kampuni moja ya utalii ya Ujerumani. Kila mwaka ilituletea vikundi vinane, wageni kumi na sita kila kikundi, wakalala kwetu usiku mbili wakielekea Samburu. Mwaka ninaousimulia, mvua ilikuwa imeharibu barabara na wageni wengine walikuwa wameadimika kabisa. Bila vikundi vile vinane hoteli ingefungwa, na mimi ningerudi nyumbani kuchuma kahawa ya mama kwa cheti changu cha chuo. Hili nililijua mimi, alilijua mpishi, alilijua hata yule aliyekuwa akifagia majani. Mzee pia alilijua, lakini yeye alikuwa na njia yake.

Bei za msimu uliofuata zilikuwa zimekwisha kukubaliwa. Mwezi wa tano Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda Nairobi, akaketi na mama mmoja wa ile kampuni, akatia sahihi mkataba: dola thelathini na nne kwa mtu, kwa usiku, watu wawili wakilala chumba kimoja, pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa. Kila wageni kumi na watano wanaolipa, kiongozi wao analala bure. Kilichobaki ni jambo dogo. Yule mama aliandika akiomba tumthibitishie bei hizo kwa barua pepe, pamoja na kumtumia ankara ya malipo ya awali ya asilimia ishirini, ili atutumie pesa kupitia benki na sisi tumshikie vyumba. Alitaka jibu upesi kwa sababu kitabu chao cha safari kilikuwa kinakwenda kuchapishwa, na kikishachapishwa bei yake kwa wateja haibadiliki tena.

Niliandika rasimu asubuhi moja, nikajivunia. Bei ilikuwemo, nyongeza ya anayelala peke yake ilikuwemo, kodi imeelezwa, tarehe za mwanzo na mwisho wa msimu zipo, namba ya akaunti ipo, na siku kumi na nne za kulipa. Nikampelekea Mzee aisome. Aliisoma kwa kidole, akafika kwenye thelathini na nne, akachukua kalamu nyekundu, akaikata, akaandika arobaini na tano.

Nikamkumbusha kwamba alitia sahihi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Hiyo sahihi ilikuwa ya kusalimiana," akasema. "Sasa ndio biashara inaanza. Mimi nikisema thirty-four, huyo mama atataka thirty. Lakini nikisema forty-five, atapigana, tutakuja chini pole pole, na kila mtu ataenda nyumbani akiwa amefurahi."

Nikamwambia Wajerumani hawapigani. Wanasoma mkataba.

"Nyinyi watu wa Embu mnauza vitu kama mnagawa," akasema. "Mwari," yaani binti kwa lugha ya kwao, "andika forty-five."

Niliandika arobaini na tano. Sitajitetea, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na niliogopa kupoteza meza yangu. Kisha akagonga muhuri wa hoteli juu ya karatasi, mara mbili, na kuweka sahihi, akasisitiza kwamba barua pepe iende na muhuri wake. Nilijaribu kumweleza kwamba muhuri hausafiri kwa njia ile. Akasema basi hiyo mashine ni duni.

Barua pepe wakati ule hatukuwa nayo hotelini. Ilikuwa mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, katika ofisi ya mama mmoja aliyewahi kufundisha taipu, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu. Alikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufunikia kochi, na anwani moja tuliyoitumia sote: sisi, chama cha kahawa, na padri. Ulimletea karatasi, akaichapa upya, akalipisha kwa ukurasa. Mara mbili kwa siku, saa tano na saa kumi, alipiga simu Nairobi kupitia kompyuta, barua zikaenda na nyingine zikaja, na sote tulioketi kwenye benchi tukanyamaza kama tuko ibadani. Mwalimu alisoma kila kitu alichochapa na hakuficha. Alipofika kwenye bei yetu aliinua miwani.

"Si mwezi wa tano mlikuwa thirty-four?"

Nikamwambia Mzee amepandisha. Mwalimu akatikisa kichwa, akachapa.

Jibu lilikuja kesho yake. Lilikuwa fupi na la heshima. Bei mliyotuma si ile ya mkataba, aliandika yule mama. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji Ijumaa. Tafadhali thibitisheni thelathini na nne, ama tutawapeleka wageni wetu Nanyuki. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Nilirudi hotelini mbio na karatasi ile. Mzee aliposomewa alifurahi kiasi cha kuniudhi. Alisugua mikono, akaagiza chai.

"Ameshikwa," akasema. "Umesikia amesema Nanyuki? Hiyo ni kama mtu anatoka kwa duka akiangalia nyuma. Mwambie forty-two."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. Niliona vyumba vitupu, na mama yangu akinikabidhi kikapu cha kahawa bila kuniuliza chochote, jambo ambalo lingeniumiza kuliko maswali. Nikachukua karatasi yake ya arobaini na mbili, yenye muhuri mara mbili, nikashuka nayo mjini, nikaiweka ndani ya Biblia yangu mkobani. Nikamwambia Mwalimu achape nyingine. Tunathibitisha bei za mkataba, dola thelathini na nne, kiongozi mmoja bure kwa kila kumi na watano. Bei ya barua iliyotangulia iliandikwa kwa makosa, tunaomba radhi. Malipo ya awali kwa vikundi vinane ni dola elfu moja mia sita thelathini na mbili. Nililipa ukurasa ule kwa pesa zangu. Saa kumi ilikwenda, na Alhamisi saa tano jibu lilikuwa hapo: asante, tumepokea, benki itatuma.

Kazi ilikuwa imekwisha, ila sasa nilikuwa na mzee wa kumtuliza.

Basi nikamtengenezea mnada. Mchana ule nilimwambia kwamba mama wa Ujerumani amelia sana, amesema arobaini na mbili zitamfilisi. Mzee alicheka kwa raha, akashuka hadi thelathini na tisa. Nikakaa siku mbili, nikarudi na uso wa kuchoka: mama amesema wateja wake ni wastaafu, walimu wa shule za msingi. Alipenda hilo la walimu. Akashuka hadi thelathini na sita. Kila mara alitia muhuri, na kila mara karatasi iliingia kwenye Biblia, mpaka Biblia ikakataa kufunga. Aliponiuliza kwa nini simletei majibu yaliyochapwa, nilimwambia wino wa Mwalimu umekwisha. Mwalimu, nilipomwomba anifichie, alisema wino wake unaweza kwisha hadi Krismasi.

Wiki moja baadaye nilimwambia mama amefika mwisho: thelathini na nne, la sivyo Nanyuki. Mzee alizunguka chumba kizima. Akaangalia maua yake, akapumua.

"Sawa. Nimemwachia. Na mwambie kiongozi wao nitamlaza bure, kama nyongeza."

Nikamshukuru kwa niaba ya Ujerumani. Kiongozi alikuwa akilala bure tangu mwezi wa tano.

Pesa zilifika benki, zimepungua kidogo kwa gharama za kutuma, na hoteli ikapumua. Mpishi alinipa mguu wa kuku bila kusema ni wa nini. Nilitembea nikiwa nimejaa sifa zangu mwenyewe, na ningeendelea hivyo kama Mzee hangeniita ofisini Jumatatu. Alikuwa amepiga hesabu. Aliniambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba nimeshushwa dola kumi na moja na sijapandisha hata moja. Mtu kama huyo hawezi kuachiwa bei. Tangu leo barua za wazungu ataandika mwenyewe, na mimi nitasaidia kule dobi.

Msimu mzima nilipiga pasi mashuka ya vikundi vinane nilivyoviokoa, na niliipiga vibaya kwa makusudi.

Mwaka uliofuata alikwenda Nairobi, akatia sahihi mkataba mwingine, thelathini na sita mara hii. Ulipofika wakati wa kuthibitisha, aliandika hamsini. Akaketi kusubiri waanze kuongea. Siku ya kwanza alikuwa mchangamfu, akatuambia kule chumba cha kulia kwamba hao wanajifanya. Wiki ya pili, jibu likiwa bado halijaja, aliacha kutuambia. Wiki ya tatu alikuja dobi mwenyewe, akasimama kati ya mashuka, akaniuliza yule mama wa mwaka jana nilimwamsha vipi hata akaanza kubishana.

Nilizima pasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali mwaka mzima, na hayakuja.

"Hakubishana, Mzee," nikasema. "Nilimtumia thirty-four siku ile ile, akalipa. Hizo zingine zote hazikwenda mahali."

Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. Nilingoja anifukuze, ilikuwa haki yake. Alihesabu kwa vidole, polepole, arobaini na mbili, thelathini na tisa, thelathini na sita, kisha akaniangalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Kwa hivyo nilikuwa nashuka peke yangu?"