Taulo la Wageni katika Hoteli ya Kalekye

Jumatatu, tarehe 14 Mei 1984. Jiji la Nairobi lilikuwa chini ya Tume iliyoteuliwa na serikali tangu mwaka uliotangulia, baada ya baraza la madiwani kuvunjwa. Kwa Kalekye, mwenye hoteli ndogo ya chai na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, karibu na Makongeni, yaliyobadilika ni jina lililo juu ya barua tu. Barua ilisema bwana afya atakuja kukagua siku hiyo. Asiporidhika, leseni haitafanywa upya.

Kwa wiki nzima kabla ya siku hiyo aliamka na maumivu ya mgongo. Alipaka kuta chokaa, akasugua masizi darini, akazibua mfereji wa maji machafu, akanunua pipa la taka lenye mfuniko. Magunia ya mahindi na maharagwe aliyainua juu ya mbao, mbali na ukuta, panya wasipate pa kujificha. Mafuta ya taa akayatenga na unga. Yeye na wifi yake Mbeti walikwenda kliniki kupimwa choo na kifua, kwa kuwa vyeti vyao vya miezi sita vilikuwa vimekwisha. Wakashona makoti meupe.

“Wifi, nimechoka hata kucheka,” alisema Mbeti. “Huyo bwana akitaka kukagua meno yetu, mwonyeshe yako.”

Mkaguzi, Patrobas Mulama, alifika saa nne. Alisoma vyeti, akatazama kucha zao, akafunua sufuria, akatembea hadi chooni na kurudi. Kisha akasimama mlangoni, kwenye karai la kunawia. Kando yake lilining'inia taulo jeupe lililotariziwa maua, ambalo Kalekye alikuwa amelitoa sandukuni kwa heshima ya siku hiyo. Kwa desturi ya kwao Kalekye, mgeni hakaribishwi chakula bila maji ya kunawa na kitambaa cha kufutia.

“Mama, tangu asubuhi wamenawa wangapi hapa?”

“Wateja wote waliotoka kazini zamu ya usiku. Thelathini hivi.”

“Kwenye maji haya haya? Na wote wamejifutia hili?”

Kalekye alilishusha taulo. Lile alilolitoa kwa upendo ndilo lililomwangusha.

Mulama alieleza, bila ukali, kwamba maji yaliyotuama na taulo la watu wote hupitisha ugonjwa kutoka mkono hadi mkono. Yanatakiwa maji yanayotiririka. Akamwandikia notisi ya kurekebisha hayo ndani ya siku kumi na nne.

Fundi Masinde alitia bomba kwenye debe lenye mfuniko, chini yake ndoo ya kukingia maji machafu. Kalekye alikata kitambaa kikuukuu vipande vidogo, kila mteja apate chake, na kila jioni akavichemsha vyote. Kazi iliongezeka, mgongo ulibaki ule ule.

Mulama alirudi siku ya kumi na mbili. Alifungua bomba, akanawa, akatia sahihi kwenye notisi kwamba ameridhika.

Hoteli iliendelea kupika hadi 1987. Kama leseni ya 1984 ilitolewa kweli, au Kalekye alifanya kazi kwa sahihi hiyo peke yake, haijulikani.